Kofia itavuliwa: namna ya kunyoa nywele za mbele zinazorudi nyuma

Kofia inasaidia mpaka dakika ile mtu mwingine anapokuambia uivue. Kanisani inavuliwa. Mbele ya mpiga picha wa kadi inavuliwa. Kwenye kizuizi cha barabarani askari anashika kadi yako, anatazama picha, kisha anasema, "Toa kofia." Hapo ndipo ndugu zetu wengi ambao nywele za mbele zimeanza kurudi nyuma wanaona aibu. Kichwa chenyewe hakina ubaya. Lakini kitu kilichofichwa, kikifunuliwa mbele ya watu, kinaonekana kibaya kuliko kilivyo.

Naandika juu ya jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ni mmoja wao: pembe mbili za paji langu zilianza kupanda nikiwa na miaka 27, na leo nina 41. Ya pili, kazi ya kutafuta habari hapa Bunia na kwenye kambi za waliokimbia Djugu inanipeleka mara nyingi kwenye benchi la kinyozi, kwa sababu hapo wanaume wanasema yale wasiyoyasema mbele ya kamati ya kambi. Kuna mmoja ambaye wateja wake wanamwita Papa Kinyozi, nami nitamwita hivyo. Kijijini alikuwa na saloni yenye vioo viwili. Alikimbia na mashine moja ndani ya begi ya mtoto, na sasa ananyoa chini ya hema, kwa umeme wa bamba la jua. Mengi ya haya nimeyajifunza kwake, na nimeyajaribu kwenye kichwa changu mwenyewe.

Fundisho lake kubwa ni hili: mkato unaoonekana kwamba umeupenda mwenyewe si ule unaoficha mahali palipo wazi. Ni ule unaopunguza tofauti kati ya mahali penye nywele na mahali pasipo nazo. Jicho la mtu halihesabu nywele. Linaona tofauti ya weusi na weupe, ya kitu kinene na kitu chembamba. Ukiacha nywele ndefu katikati na pembe zikiwa wazi, pembe zinapiga kelele. Ukishusha nywele zote zikawa fupi, pembe zinanyamaza.

Kwanza tujue ni nini kinachotokea kichwani, kwa sababu si kila nywele inayotoka inatoka kwa njia moja.

Kwa wanaume wengi sababu ni urithi. Mzizi wa nywele, hasa wa pembe za paji na wa utosini, unakuwa mwepesi kuchoka mbele ya homoni ya kiume. Kila unywele mpya unaoota pale unakuwa mwembamba na mfupi kuliko ule uliotangulia, mpaka unabaki kama manyoya ya mtoto mchanga. Urithi huo unaweza kutoka upande wa baba au upande wa mama, kwa hiyo usishangae kama baba yako ana nywele nyingi lakini wewe unafanana na mjomba. Kofia haileti upara, na kunyoa mara kwa mara hakuuleti wala hakuuzuii, kwa sababu mashine inakata kilicho juu ya ngozi tu, mzizi uko ndani.

Lakini katika kambi nasikia sana maneno haya: "Ni vita vimenitoa nywele." Maneno hayo yanaweza kuwa kweli, ila ni ugonjwa mwingine. Mtu aliyepata mshtuko mkubwa, homa kali, njaa au uzazi mgumu anaweza kuanza kupoteza nywele miezi 2 au 3 baadaye. Dalili yake ni kwamba nywele zinapungua kichwa kizima, siyo kwenye pembe peke yake, na zinabaki nyingi kwenye kichana au kwenye maji ya kuogea. Kwa kawaida hizo hurudi zenyewe baada ya miezi kadhaa, mwili ukipata chakula na utulivu. Na kwa mama zetu na dada zetu, ukingo wa mbele ukipungua mara nyingi ni kwa sababu ya kusuka kwa kubana sana. Huko dawa ni kulegeza msuko na kuupumzisha ukingo mapema, kwa sababu mzizi uliovutwa miaka mingi hufa. Habari ya kinyozi ninayoieleza hapa ni ya upara wa urithi kwa wanaume, ule unaoanza kwenye pembe.

Papa Kinyozi anautambua kwa vidole. Anamwambia mteja ainue nyusi mpaka paji lijikunje. Kutoka kwenye mkunjo wa juu kabisa anapima kwenda kwenye nywele. Ikiwa katikati kuna nafasi ya kidole kimoja hivi, na pembe zimepanda kidogo tu, anasema huo ni ukingo wa mtu mzima: karibu kila mwanaume ukingo wake hupanda hivyo akitoka utotoni, na haumaanishi upara. Ikiwa pembe zimepanda vidole viwili au zaidi kupita hapo, na ndani yake kuna vinywele vyembamba visivyo na nguvu, basi zimeanza safari. Madaktari nao wana ngazi zao. Hamilton alizipanga mwaka 1951, Norwood akazirekebisha mwaka 1975, na ni 7: kutoka kichwa kilichojaa mpaka kile kilichobakiwa na nywele za pembeni tu. Kinyozi hahitaji ngazi zote 7. Anahitaji kujua mambo mawili: pembe zimepanda kiasi gani, na je, utosini napo pameanza kufunguka? Jambo hilo la pili wengi hawalijui, kwa sababu hakuna anayejiona utosi. Shika kioo kimoja mbele na kingine nyuma, au mwombe mtoto akupige picha kwa simu kutoka juu, mchana, nje ya hema.

Sasa niwaambie habari ya kijana mmoja, kwa ruhusa yake, bila kutaja jina wala kijiji.

Ana miaka 29. Nyumba yao iliungua pamoja na karatasi zote, ya kuzaliwa na ya shule. Kambini alipata mchumba, wakapendana, akaenda na kaka yake kujitambulisha kwa wazee wa msichana. Alivaa kofia. Chini ya kofia alikuwa amejipaka rangi nyeusi ya nywele kwenye pembe, akaichora mpaka ukawa mstari ulionyooka. Siku ilikuwa ya joto, na ndani ya hema joto ni mara mbili. Wakati wa sala aliambiwa avue kofia. Jasho likashuka na weusi mpaka kwenye nyusi. Baba mdogo wa msichana alimtazama kwa muda, kisha akamuuliza kaka yake, "Huyu ana miaka mingapi kweli? Maana mtu anayeficha kichwa anaweza pia kuficha miaka, na pengine ana mke mwingine alikotoka."

Hilo ndilo lililomleta kwa Papa Kinyozi. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha umri wake. Alikuwa na uso wake tu, na uso huo ulikuwa umeshukiwa. Wazee walimpa wiki mbili arudi na watu wake.

Papa Kinyozi hakushika mashine siku ile. Alimwambia, "Mwanangu, nenda ukaoshe hiyo rangi kwa sabuni, uoshe tena kesho, usipake mafuta, kisha urudi asubuhi." Alikuwa na sababu. Nywele zenye mafuta hulala na kushikana, mashine inaruka, na kinyozi haoni unene wake wa kweli. Rangi nayo hupaka hata ngozi, na kinyozi anayefuata rangi atachonga mstari wa uongo. Tena alitaka mwanga wa asubuhi. Taa ya simu ikimulika kutoka mbele inafanya nywele zionekane nyingi, lakini jua likitoka juu linasema ukweli wote, na ni chini ya jua hilo watu watakuona.

Kijana aliporudi, alikaa nje ya hema. Papa Kinyozi alibonyeza nywele za mbele kwa kiganja na kutazama wapi zilikuwa na nguvu. Katikati ya paji zilibaki nene, kama ulimi uliotokeza mbele. Pembe zilikuwa zimepanda vidole vitatu, zikiwa na vinywele vyembamba. Utosini palikuwa pamejaa bado. Kwa hiyo alijua kwamba hakuna haja ya kunyoa kichwa chote, na pia kwamba hakuna nafasi ya kuacha nywele ndefu juu.

Alianza na kichana cha mashine namba 2, ambacho kinaacha milimita 6 hivi, akapitisha kichwa kizima kwa kufuata nywele zinavyolala. Mtu anaweza kushuka lakini hawezi kupanda, ndiyo maana mwanzo ni namba kubwa. Akasimama hatua tatu mbali, akatazama. Pembe zilikuwa bado zinaonekana kama mashimo. Akachukua namba 1, milimita 3, akapitisha juu yote, na ule ulimi wa katikati aliupitisha mara mbili, mara moja kwa kufuata nywele na mara moja kinyume chake. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Wengi wanataka kuuacha ulimi huo mrefu kwa sababu ndio utajiri uliobaki, lakini ukiwa mrefu ndio unaotangaza umaskini wa pembe. Ulipofika milimita 3, ngozi ilianza kuonekana kidogo chini yake, na pembe hazikuwa tena kitu cha pekee.

Kisha akaenda pembeni. Kutoka juu ya sikio mpaka usawa wa mwisho wa nyusi alitumia kichana cha nusu, kinachoacha milimita 1 na nusu. Karibu na sikio na kisogoni aliondoa kichana kabisa, mashine ikaacha kivuli tu. Alizipunguza hizo nywele pole pole, kutoka nyeusi mpaka ngozi, bila ngazi inayoonekana. Ndiyo ile vijana wanaita degrade. Kwa mtu mwenye pembe zilizopanda, degrade haiji kwa ajili ya mtindo tu. Sehemu ya kando ya jicho ikiwa tayari imekaribia ngozi, ile pembe ya paji haionekani tena kama shimo lililoingia kwenye nywele. Inaonekana kama mwendelezo wa ule upunguzaji unaopanda kutoka sikioni. Mtu anayetazama anaona kazi ya kinyozi, haoni kazi ya miaka.

Ila degrade iwe ya chini. Ikipanda mpaka juu kabisa ya kichwa, inakutana na pembe na kuzifungua zaidi, na mtu anabaki na kiraka cha nywele katikati kama kofia ndogo. Ukiona kinyozi anapandisha degrade kupita mwisho wa nyusi kwa kichwa cha namna hii, mwambie ashuke.

Baada ya hapo ukaja mstari wa mbele, na ni hapa vinyozi wengi wanaharibu. Kijana mwenyewe aliomba, "Papa, ninyooshee mstari." Papa Kinyozi akakataa. Alimweleza hivi, nami narudia kwa maneno yangu. Ili mstari uwe umenyooka kwa mtu ambaye pembe zake zimepanda, kinyozi ana njia mbili tu. Ya kwanza ni kupaka rangi mahali pasipo na nywele, na tumeona rangi inavyofanya jasho likishuka. Ya pili ni kuzirudisha nyuma nywele nzima za katikati mpaka zilingane na pembe. Siku ya kwanza inapendeza sana. Siku ya tatu vinyweleo vinaota mbele ya mstari, na kila mtu anaona mpaka wa kweli na mpaka wa kuchonga, miwili kwa pamoja. Mteja anarudi, kinyozi anachonga tena na kuingia ndani milimita moja zaidi ili mstari uwe safi. Baada ya miezi michache paji limekua vidole viwili, na hayo si ya urithi, ni ya mashine. Mizizi ile haijafa. Mtu akiacha kuchonga, nywele zitarudi, lakini atapitia majuma kadhaa ya kuonekana kama shamba lililopaliliwa nusu.

Basi alichofanya ni kuufuata mpaka wenyewe. Aligeuza mashine, akatumia kona ya meno yake kuondoa vinywele vilivyopotea mbele ya ukingo, vile vya peke yake tu. Pembe akaziacha na mviringo wake, wala hakuzichonga ziwe kali kama kona ya meza. Ukingo akauacha laini, bila wembe. Mstari mkali unavuta jicho liende kutazama mahali pale pale usipotaka litazame. Mstari mkali aliuweka sehemu mbili tu: mbele ya sikio na chini ya kisogo. Huko nywele zilikuwa na nguvu, na huko ndiko unadhifu ulipoonekana.

Mwisho alitazama ndevu. Kijana alikuwa na ndevu zilizojaa kidevuni na kwenye taya. Papa Kinyozi akaziacha na milimita 3, sawa na urefu wa juu ya kichwa, akaziunganisha na degrade karibu na sikio, zikianza nyepesi na kuongezeka zikishuka. Ndevu zinahamisha uzito wa uso kwenda chini, na mtu anayekutazama anaanzia huko. Lakini kama ndevu zako zinaota kwa vishimo vishimo, zinyoe zote au zishushe kabisa. Upungufu juu na upungufu chini ni mbaya kuliko upungufu mmoja.

Kazi ilichukua kama nusu saa. Kijana alijitazama kwenye kioo akasema, "Pembe zinaonekana bado." Papa Kinyozi akamjibu, "Ndiyo, zinaonekana. Lakini sasa zinaonekana kwamba wewe unajua zipo."

Siku waliyorudi kwa wazee nilikuwa miongoni mwa watu wake, kwa sababu kaka yake aliniomba. Alikaa kichwa wazi tangu kuingia mpaka kutoka. Yule baba mdogo alimtazama, akatazama pia vichwa vya wajomba wa kijana waliokaa kando yake, ambao wawili wao wana paji la namna ile ile, akacheka kidogo. Aliuliza mambo ya kazi na mambo ya dini. Juu ya umri aliuliza mara moja, mjomba mmoja akajibu kwa kutaja mwaka na msimu kijana alipozaliwa, wakaendelea. Sisemi kwamba mkato ulithibitisha miaka yake. Uliondoa tu ile alama ya mtu anayeficha, na baada ya hapo neno la mjomba lilisikika.

Mkato huu una mipaka yake. Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, kwetu pungufu kidogo. Kwa hiyo milimita 3 za juu zinakaribia kuwa milimita 6 baada ya siku kumi na kitu, na tofauti inarudi. Anayetaka mkato huu lazima apite kwa kinyozi kila wiki mbili. Kwa Papa Kinyozi ni franki 1000 kila mara, na kwa mtu wa kambini hizo si pesa ndogo. Asiyeweza, afanye jambo rahisi: namba 1 kichwa kizima, bila degrade, kila wiki tatu. Haipendezi kama ile ya kwanza, lakini inafuata sheria ile ile ya kupunguza tofauti, na hata rafiki mwenye mashine anaweza kukufanyia.

Mpaka wa pili ni utosi. Siku ile pembe za mbele zitakapokutana na uwazi wa utosini, na nywele zikabaki zinazunguka kichwa kama kata ambayo mama anaiweka kabla ya kubeba ndoo, hapo namba 1 haitoshi. Kuvuta nywele za upande mmoja zifunike katikati hakufai kwa nywele zetu za kujikunja, na upepo wa gari au wa pikipiki utakuumbua. Hapo teremsha zote. Mimi nilifika huko nikiwa na miaka 36, na tangu hapo ninanyolewa kwa mashine isiyo na kichana, inayoacha kama nusu milimita.

Nasema mashine, sisemi wembe, na hapa naomba msikilize vizuri. Nywele za kujikunja zikikatwa chini kabisa ya ngozi, ncha yake ni kali na inarudi kuchoma ngozi kutoka ndani. Ndiyo vile vipele vya kisogoni na vya shingoni ambavyo vijana wengi wanavyo. Wengine wakiendelea kunyolewa kwa wembe juu ya vipele hivyo, vinageuka makovu magumu yaliyovimba, na mahali hapo nywele haziti tena. Ukiona vipele kisogoni, acha wembe, usivikwaruze, mwambie kinyozi aache milimita 1 au zaidi sehemu hiyo. Vikiwa na usaha au vikianza kuwa vigumu, nenda kwa muuguzi kabla ya kurudi kwa kinyozi.

Wembe una jambo jingine. Virusi vya homa ya ini ya aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili siku 7, hata damu ikiwa imekauka na haionekani. Kwa hiyo wembe ni wa mtu mmoja, mara moja. Njoo na wako kwenye karatasi yake, ufunguliwe mbele ya macho yako. Mashine nayo ipigwe brashi kuondoa nywele, kisha meno yake yapanguswe kwa alkoli ya asilimia 70 na kuachwa ikauke yenyewe kabla ya mteja anayefuata. Maji ya klorini tunayajua vizuri hapa Ituri tangu Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020, ni mazuri kwa mikono na kwa meza, lakini yanakula chuma: meno ya mashine yanapata kutu na kuanza kunyofoa nywele badala ya kuzikata. Na taulo moja kwa watu kumi ni njia ya upele, ya mashilingi, na ya magonjwa mengine ya ngozi. Beba kitambaa chako.

Kuhusu rangi, sikatazi kwa anayeitaka kwa ajili ya mvi. Lakini rangi nyeusi za sokoni zinaweza kuvimbisha uso na macho kwa mtu ambaye ngozi yake inazikataa. Paka tone dogo nyuma ya sikio, usubiri siku 2. Kukiwasha au kukavimba, rangi hiyo si yako. Na hata ikikubali, ipake kwenye nywele, si kwenye ngozi tupu kutengeneza mpaka usiokuwepo.

Na wale wanaopita kambini na vichupa vya mafuta wakisema yanarudisha nywele kwa wiki mbili, waulizeni kwa nini mwezi una wiki nne na wao bado wamevaa kofia. Dawa za hospitali za kupunguza mwendo wa upara zipo, lakini ni za kutumia kila siku bila kuacha, na ukiacha faida inapotea. Pesa hiyo ni ya mtu ambaye ameshalipa chakula na shule.

Ukienda kwa kinyozi wiki hii, mwambie maneno manne: juu namba 1, pembeni nusu, degrade ya chini, mstari usiurudishe nyuma. Kama akichukua wembe na kuanza kuchora mstari ulionyooka kwenye paji lako kabla hujamaliza kusema, simama, mlipe nauli yake kama anadai, uende benchi linalofuata.

Kutoka Bunia, ni mimi mwandishi wenu.